Salama, Bu!

Bu Wening, yaani Mama Wening, alirudi kutoka kwenye semina na mfuko wa kitambaa, kalamu ya bure na swali moja. Mfuko akampa jirani, kalamu ikapotea kabla ya Jumatatu, lakini swali alilishikilia kama mtu aliyeokota pete njiani.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Kila asubuhi, kabla wahudumu wa vyumba hawajachukua funguo na kusukuma vigari vyao, kiongozi asimame mbele yao, awasalimu, kisha aulize: "Nani anahitaji msaada leo?" Mwalimu wa semina, kijana mwenye suruali ya kubana, aliapa kwamba swali hilo linaweza kunyoosha idara yoyote duniani. Aliendelea kueleza jinsi ya kuwafanya watu waamini kwamba hawataumia wakisema ukweli, na hapo ndipo Bu Wening alipogeuza shingo kuangalia kama lumpia, zile sambusa za kuviringishwa, za mapumziko zimeshaletwa. Zilikuwa zimeletwa. Nusu ya pili ya somo ikampita akiwa anachagua iliyoiva vizuri.

Bu Wening alikuwa mkuu wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya zamani mjini Semarang, Indonesia, hoteli ya ghorofa sita yenye lifti inayofikiri kwanza kabla ya kufunga mlango. Kikao chake cha asubuhi kilifanyika chini kabisa, kwenye chumba kinachopakana na chumba cha dobi, ambako hewa ilinuka sabuni na pasi ya moto. Jumatatu hiyo alisimama mbele ya watu wake, akakohoa kidogo, akalitoa swali lake jipya.

"Habari za asubuhi, wote!"

"Nzuri, Bu!"

"Nani anahitaji msaada leo?"

Watu wakatazamana kwa pembe za macho. Gandung, mhudumu wa ghorofa ya tatu, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, ndiye aliyeanza.

"Salama, Bu!"

"Salama, Bu!" wakaitikia wote kwa pamoja, mpaka mashine za dobi zikaonekana kama zimenyamaza.

Basi ikawa hivyo kila siku. Anauliza, wanaitikia, wanachukua funguo. Bu Wening akavimba kichwa. Akawaambia wakuu wenzake wakati wa chakula kwamba idara yake haina shida hata ya dawa, na kwamba siri ni kuuliza tu. Mkuu wa jikoni alimwomba amwelekeze, naye akamwelekeza kwa muda mrefu, mpaka mchuzi wa yule bwana ukaganda kwenye sahani.

Kisha Pak Hartadi akamwita ofisini.

Pak Hartadi, yaani Bwana Hartadi, meneja mkuu, alikuwa mtu wa Solo, mji unaosifika kwa watu wasemao kwa upole, na sauti yake ilikuwa laini kiasi kwamba mtu angeweza kufukuzwa kazi naye na kutoka akishukuru. Mezani palikuwa na karatasi laini iliyokunjwa. Akaifunua taratibu.

"Bu Wening, samahani sana kukusumbua. Mgeni wa chumba mia nne kumi na mbili ameleta hiki mapokezi. Unywele. Ulikuwa kwenye beseni la kuogea."

"Aibu iliyoje, Pak."

"Ni malalamiko ya tatu mwezi huu. Bafuni, bafuni, na bafuni tena." Akashusha sauti zaidi, dalili mbaya kwa watu wa Solo. "Mwenye hoteli ameshaongea na kampuni ya usafi ya nje ya hoteli. Wanakuja na watu wao, wakaguzi wao, hata ndoo zao. Nimemwomba asubiri harusi ya Jumamosi ya wiki ijayo ipite. Ile familia ikiondoka bila lalamiko, nitakuwa na la kumwambia. Wakilalamika, idara yako yote inaondoka. Na wewe ndani yake, samahani sana."

Bu Wening akainua ile karatasi kuelekea dirishani ili auone huo unywele. Akaona karatasi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akaona karatasi ya karibu na karatasi ya mbali.

"Mweusi," akasema kwa mamlaka.

Pak Hartadi alifungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa kwa heshima.

Ukweli ni kwamba jicho la kushoto la Bu Wening lilikuwa limeingia ukungu tangu msimu wa mvua uliopita, na la kulia lilikuwa limeanza kumwiga mwenzake. Taa zilikuwa na duara za mwanga, na vitu vyeupe juu ya vyeupe vilikuwa vinayeyuka. Hakumwambia mtu. Mkaguzi wa vyumba asiyeona ni kama mwonja chakula asiye na ulimi. Badala yake aliwaandama mafundi wa umeme wabadilishe balbu za bafuni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akilalamika kwamba siku hizi viwanda havitengenezi mwanga kama wa zamani. Kila chumba kilichosafishwa ni yeye aliyepita nyuma na kurunzi, ni yeye aliyesema kimepita, na mapokezi hawakumpa mgeni ufunguo kabla ya yeye kusema. Kwa hiyo malalamiko yote matatu yalikuwa yamepita mbele ya pua yake. Hilo alilijua vizuri. Ndiyo maana alilikalia.

Asubuhi iliyofuata aliipeleka ile karatasi kwenye kikao.

"Mia nne kumi na mbili ni ya nani?"

"Yangu, Bu," akasema Lasmi.

Lasmi, ambaye wote walimwita Mbak, yaani dada, alikuwa mwanamke mpole, mwenye watoto wawili na mtandio uliombana kuanzia kidevuni hadi kwenye nyusi. Tangu aanze kazi pale hakuna aliyewahi kuona hata unywele wake mmoja.

"Mbak Lasmi, huu ni unywele wako. Mweusi, mrefu."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeiangalia aliinua macho, akamwangalia Bu Wening, akayashusha tena haraka na kumpa jirani yake. Gandung alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

"Lakini Bu," alisema Lasmi, akijigusa mtandio, "mimi..."

"Nywele zina njia zake," akakata Bu Wening. "Kuanzia leo wote mnavaa wavu kichwani. Wenye mitandio pia. Anayesafisha, wavu. Sasa, habari za asubuhi. Nani anahitaji msaada leo?"

"Salama, Bu!"

Na yeye akaondoka kwenda kukagua, bila wavu, kwa sababu yeye hasafishi, anakagua tu. Kishungi chake kilichofungwa kwa pini legelege kilikuwa kikicheza nyuma ya shingo kila alipoinama.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yake kuwapokea kina mama wa mtaa. Mumewe, Darmaji, fundi saa mstaafu, alitandika mikeka, akapanga vikombe vya chai ya moto yenye sukari nyingi, na sahani za tempe, vipande vya soya iliyochachushwa na kukaangwa. Kina mama wakakaa. Bu Wening naye akakaa, akaanza kuhadithia habari za swali lake.

Aliwaambia kuhusu semina. Aliwaambia jinsi zamani alivyokuwa akiwafokea watu, na sasa anauliza tu. "Na mnajua wanajibu nini? Salama! Kila siku, salama! Watu hawana shida, kinachowasumbua ni kutoulizwa." Kina mama wakaitikia kwa vichwa. Akaendelea. Jua likahama kutoka mkeka mmoja kwenda wa pili. Mama mmoja mnene akajifuta jasho na kumeza mate.

Darmaji akainama nyuma ya sikio lake. "Mama."

"Subiri, Baba, naongea."

"Mama, wageni wanakauka. Hujawakaribisha. Hata wewe mwenyewe hujagusa kikombe chako."

Bu Wening akaangalia mkeka. Vikombe vyote vilikuwa vimejaa hadi ukingoni, na chai imejivika utando. Si mmoja aliyeguswa. Watu wazima, wenye kiu, kwenye joto la Semarang, walikuwa wamekaa mbele ya chai na kuiangalia, kwa sababu mwenye nyumba hajasema karibuni na hajainua chake kwanza. Hakuna mtoto wa Kijava asiyejua jambo hilo. Yeye mwenyewe alishakufa kiu kwenye nyumba za watu mara nyingi kuliko anavyokumbuka, akiulizwa kama ana njaa na kujibu ameshiba, huku tumbo likimwumbua kwa milio.

"Jamani, karibuni," akasema kwa sauti ndogo.

"Tumeshiba, Bu," wakajibu wote.

"Karibuni, tafadhali."

"Asante, Bu, tumetoka kunywa nyumbani."

Akainua kikombe chake, akanywa. Ndipo mikono yote ikatoka kwa pamoja, na vikombe vikakauka kwa mikupuo miwili mitatu. Yule mama mnene akaomba kingine.

Bu Wening akabaki na kikombe mkononi. Hapo hapo, mbele ya wageni, akaona aibu iliyomshukia kuanzia utosini. *Tumeshiba, Bu. Salama, Bu.* Alikuwa ameuliza mara moja, amesimama, mikono nyuma, mbele ya watu wote, baada ya miaka ya kumpa kila aliyesema amechoka hotuba ya uvumilivu na ghorofa ya ziada. Kisha akaamini walichojibu! Mjava mzima, mwenye mvi, aliyezaliwa kwenye adabu hiyo na kunyonyeshwa nayo, alikuwa amejibiwa kwa adabu na akadhani amejibiwa kwa ukweli. Na kikombe chake mwenyewe hakuwa amekigusa.

"Mimi ni mjinga," akamwambia Darmaji usiku huo wakiosha vyombo.

"Si sana," akasema Darmaji, kisha akafikiri. "Kiasi."

Kuelewa ni kitu kimoja, kunywa ni kitu kingine. Jumatatu alikusudia kusema habari za macho yake, akaishia kuuliza swali mara tatu mfululizo, mpaka watu wakadhani kuna jambo baya limetokea na wakaitikia "Salama!" kwa hofu. Jumanne alikusudia tena, akaishia kugawa funguo. Aliwaza: nikisema sioni, Pak Hartadi atasikia kabla ya chakula cha mchana, na mimi ndiye wa kwanza kuondoka, hata kabla ya hizo ndoo za nje kufika. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa aliwaza hivyo hivyo, huku akizidi kukagua kwa vidole zaidi ya macho, akipapasa marumaru kama kipofu wa hadithi.

Ikafika Jumamosi. Familia ya harusi ingeanza kuingia baada ya mchana, na vyumba vya ghorofa ya tano vyote vilikuwa vyao. Kikao kilipoanza, mlango ukafunguliwa, Pak Hartadi akaingia taratibu, akasimama nyuma kabisa karibu na mafungu ya taulo.

"Endeleeni, tafadhali. Mimi nasikiliza tu."

Bu Wening akanyoosha sare yake. Siku zote za wiki alizokuwa nazo, na yeye akaahirisha mpaka hii! Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa kuchagua siku, alikuwa amesimama ndani ya viatu vyake mwenyewe.

"Habari za asubuhi, wote."

"Nzuri, Bu!"

"Kabla sijawauliza nyinyi, leo nitajibu mimi kwanza. Jumapili nilikaribisha wageni, nikawaacha na kiu mbele ya chai kwa sababu sikunywa yangu. Nimekuwa nikiwafanyia nyinyi hivyo hivyo kila asubuhi. Sasa nakunywa." Akashusha pumzi. "Mimi nahitaji msaada. Macho yangu yameingia ukungu. Nikiingia kwenye bafu jeupe, naona maziwa. Vile vyumba vitatu vilivyolalamikiwa, mimi ndiye niliyevipitisha, na sikuona kitu. Mbak Lasmi, nilikusema mbele ya watu kwa unywele ambao sikuweza hata kuuona. Nisamehe."

Dobi aliyekuwa akikunja shuka mlangoni akasimamisha mikono. Bu Wening akangoja. Mwalimu wa semina hakuwa amesema nini kinafuata hapo, au alisema wakati wa lumpia.

"Ah, Bu!" Gandung akaokoa jahazi. "Macho ya Bu ni makali kama ya mwewe!"

"Kabisa, Bu! Bu anaona mbali!"

"Sisi ndio tuna makosa, Bu!"

Wakaitikia wote, kwa huruma na heshima, wakimrudishia ukweli wake kama mtu anayerudisha sahani ya chakula bila kuionja. Bu Wening alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amejitoa kafara mbele ya meneja mkuu, na watu wake kwa adabu wakakataa kuipokea.

"Jamani, nawaambia sioni!"

"Anaona, Pak," Gandung akamgeukia Pak Hartadi, akimtetea kwa nguvu zote. "Anaona sana."

Hapo Lasmi akainua mkono. Aliuinua nusu, kama mtu anayesimamisha gari asilokuwa na uhakika nalo.

"Bu," akasema. "Viatu."

"Viatu gani?"

"Vya Bu. Kimoja cheusi. Kimoja cha bluu."

Bu Wening akatazama chini. Aliviona viatu viwili vyeusi, vizuri, vya kisigino kifupi. Nyumbani alikuwa na jozi mbili za namna ile ile.

"Tangu leo asubuhi?"

Lasmi akahesabu kimoyomoyo. "Tangu Jumatano, Bu."

Gandung ndiye aliyeanza kucheka kwa pua, akijibana midomo kwa kiganja, kisha dobi, kisha wote, na Bu Wening mwenyewe akashikilia meza kwa kicheko. Siku nne! Alikuwa amepanda ngazi, amepita mapokezi, amemsalimia mwenye hoteli kwa kuinama, na hakuna mtu katika jengo zima aliyethubutu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na haikumsaidia kuona vizuri zaidi.

"Asante, Mbak Lasmi," akasema alipopata pumzi. "Huo ndio msaada wenyewe. Sasa nawauliza nyinyi, na nitauliza mara tatu, kama anavyoulizwa mgeni wa kweli. Nani anahitaji msaada leo?"

Kicheko kikapungua. Lasmi hakuwa ameshusha mkono wake. Ndipo Bu Wening alipoona kwamba ulikuwa wa kushoto, na kwamba wa kulia alikuwa ameuficha nyuma ya aproni.

"Kifundo cha mkono kinaniuma, Bu. Mwezi sasa. Siwezi kuinua godoro kuchomeka shuka." Akamtazama Pak Hartadi, akaangalia sakafu, akasema haraka kabla ujasiri haujamwisha. "Mia tano na nane, jana. Shuka ya chini sikuibadilisha. Niliivuta tu, nikainyoosha, nikaweka ya juu mpya. Ni kitanda kilicholaliwa, Bu."

Hakuna aliyecheka. Mia tano na nane kilikuwa chumba cha bibi mzee, nyanya yake bwana harusi. Na Bu Wening alikuwa amekipitisha jana jioni, akiwa amekipapasa kwa vidole na kukisifu.

Hotuba ya zamani ikapanda kooni, yote, kuanzia "hivi unajua wewe" mpaka "watoto wako watakula nini". Alikuwa anaijua kwa moyo, alikuwa ameitoa miaka mingi. Isitoshe, nyuma kule Pak Hartadi alikuwa amenyoosha shingo. Mkuu mwenye kufoka angeonekana imara. Onyo kali, mbele ya wote, na huenda mtu akaokoa kiti chake. Lasmi alisimama akilingoja, kope zimeshuka. Wenzake pia walilingoja. Bu Wening akajua kwamba chochote atakachosema sasa ndicho watakachokijibu kila asubuhi mpaka siku ya mwisho ya idara hiyo.

Akaimeza ile hotuba. Ilikuwa kubwa, ikashuka kwa shida.

"Asante kwa kuniambia kabla bibi wa watu hajalala," akasema. "Chumba bado kitupu, muda upo. Nani anakwenda na Lasmi?"

"Mimi!" Gandung akajibu kabla ya swali kuisha. Kisha akajikuna. "Ila na mimi, Bu, ile mashine mpya ya kufyonza vumbi sijui kuiwasha. Wiki mbili nafagia zulia kwa ufagio."

"Wiki mbili?"

"Kwa heshima, Bu."

Baada ya hapo lango likafunguka. Mmoja jino linamwuma. Mwingine mtoto wake ana homa na anaomba awahi kuondoka, atafidia kesho. Mwingine ghorofa ya sita hana taulo za kutosha tangu juzi, na amekuwa akiazima kwa siri kutoka ghorofa ya pili, na wa ghorofa ya pili akalia kwamba kumbe ndiko zilikokwenda zake! Bu Wening alitaka ukweli, akapata ukweli wa mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, na dakika zilikuwa zinakimbia. Akahamisha vyumba kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akamtuma dobi kuleta taulo, akamwagiza msichana wa ghorofa ya pili amwonyeshe Gandung kitufe cha kuwashia. Kilikuwa kikubwa na chekundu.

"Na mimi," akamalizia, "nina mikono mizima na sina macho. Lasmi ana macho na hana mkono. Leo mimi natandika vitanda vyake, na yeye anakagua ghorofa ya tano. Akikataa chumba, kimekataliwa." Akageuka nyuma. "Kama Pak Hartadi anaruhusu."

Pak Hartadi aliangalia fungu la taulo.

"Tafadhali," akasema kwa sauti ya chini sana, na akaondoka. Hakuna aliyejua ile sauti ilimaanisha nini.

Miaka ilikuwa imepita tangu Bu Wening atandike kitanda. Godoro la mia tano na nane lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka, au yeye alikuwa mwepesi wa kusahau. Alibadilisha shuka zote, akachomeka pembe, akaingia bafuni akasugua beseni kwa magoti, akisifu kazi yake kimoyomoyo. Alipomaliza alitoka korido, akakunja mikono mbele kama mhudumu, akangoja.

Lasmi akaingia na kurunzi. Hakupapasa kitu. Aliinua pembe ya shuka kwa vidole viwili, akaangalia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akapita vioo, glasi, chini ya kitanda. Akaingia bafuni. Akachelewa kutoka.

"Bu," akaita. "Samahani sana, Bu."

"Sema tu, Mbak."

"Hakijapita."

Bu Wening akaingia. Lasmi alikuwa ameinama juu ya beseni na kuchukua kitu kwa vidole, kitu ambacho kwa Bu Wening kilikuwa hewa. Lasmi akatafakari, kisha akatandaza kitambaa cheusi cha kufutia vioo juu ya kiganja cha Bu Wening, akakiweka hapo juu. Juu ya weusi kikaonekana vizuri, kirefu, kimejikunja, cheupe kama uzi wa fedha.

Bu Wening akapeleka mkono nyuma ya shingo. Kishungi kilikuwa kimelegea, na pini moja haikuwepo.

Katika idara nzima palikuwa na kichwa kimoja tu chenye mvi.

"Ule mwingine," akauliza polepole, "ule wa kwenye karatasi..."

Lasmi akajitahidi asitabasamu, akashindwa.

"Na wote mliuona."

"Wote, Bu."

"Na Pak Hartadi?"

"Nadhani hata mgeni, Bu."

Bu Wening akakaa kwenye ukingo wa beseni alilotoka kulisugua, ambalo sasa ingebidi alisugue tena. Malalamiko matatu, mabafu matatu, na kila moja aliliinamia yeye, na kurunzi yake, akitafuta makosa ya watu. Alijiona jinsi alivyosimama na karatasi mbele yao, akimwambia mwanamke mwenye mtandio kwamba nywele zina njia zake. Aliona aibu kweli kweli, aibu inayochoma masikio. Lasmi akatoa wavu wake wa ziada mfukoni mwa aproni, kama ule aliolazimishwa kuuvaa juu ya mtandio, akamvalisha Bu Wening, akakusanya kile kishungi chote ndani, akakaza kwa mkono wake mmoja mzima.

"Sasa sugua tena, Bu," akasema kwa upole. "Bibi wa watu yuko njiani."

Harusi ikapita. Bibi alilala mia tano na nane, akaamka, akasifu kitanda kwa mapokezi. Jumatatu asubuhi Bu Wening alishuka kwenye kikao akiwa na wavu kichwani, viatu viwili vyeusi vilivyochaguliwa na Darmaji, na miadi ya daktari wa macho. Pak Hartadi alikuwa ameshafika, amesimama mahali pale pale karibu na taulo.

Bu Wening hakulala vizuri. Alijua kwamba malalamiko hayakuja, lakini alijua pia alichokikiri mbele ya huyu mtu, na mkuu wa ukaguzi asiyeona ni sababu tosha ya kufukuzwa, hata kwa sauti laini kuliko zote.

"Habari za asubuhi, wote. Naanza mimi. Ijumaa nakwenda kwa daktari, nahitaji mtu wa kushika zamu yangu, na mpaka macho yarudi Lasmi anakagua nami. Kama bado tupo." Akajikaza. "Nani anahitaji msaada leo?"

Gandung alihitaji. Jino lile bado lilihitaji. Walipomaliza, Bu Wening akageuka nyuma, maana adabu ni adabu.

"Na Pak Hartadi?"

"Salama, Bu," akasema Pak Hartadi.

"Pak, tafadhali."

"Asante, niko salama kabisa."

Chumba kizima kikamtazama. Hakuna aliyecheka. Bu Wening akauliza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayesogeza kikombe mbele ya mgeni.

Pak Hartadi akashika fungu la taulo, akalinyoosha ukingo ambao haukuwa umepinda.

"Mwenye hoteli anakuja saa nne," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Nataka kumwambia hii idara haiendi popote. Atauliza kwa nini, na mimi... namwogopa sana yule mzee. Kama kuna mtu anaweza kukaa nami."

Lasmi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, ule wa kulia, uliofungwa bandeji.